Uso, jani na maandishi: uchambuzi wa vijipicha vya chaneli moja ya kilimo Tengeru

Chaneli yenyewe ni ya bwana shamba mstaafu anayeishi Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha. Anafundisha kilimo cha mboga na matunda: nyanya, hoho, kabichi, parachichi. Mpwa wake ndiye anayeshika kamera na kupandisha video YouTube, na mimi huitwa mambo ya uhariri yanapokwama. Safari hii niliitwa kwa sababu baadhi ya video zilikuwa zinabofywa vizuri kila vijipicha vyake, yaani zile picha ndogo za kuwakilisha video, vinapotokea kwenye simu za watu, na nyingine zinapitwa kana kwamba hazipo. Mzee alikuwa ameshapata jibu lake. "Kijana wangu, nimeambiwa uso ndio unauza," alisema. "Na kweli, angalia zilizofanya vizuri, karibu zote nimo mimi. Kuanzia sasa kila kijipicha kiwe na sura yangu."

Hakuwa anabahatisha. Ukifungua orodha ya video zake na kuzipanga kwa idadi ya watazamaji, sura yake imejaa juu na majani matupu yamejaa chini. Ndiyo maana nilitaka tupime kwa utaratibu kabla hajabadilisha vijipicha vyake vyote, kwa sababu orodha iliyopangwa kwa watazamaji haisemi lolote la maana kuhusu kijipicha. Video inaweza kupata watazamaji wengi kwa kuwa watu wanaitafuta wenyewe, au kwa kuwa kuna mtu aliirusha kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Hapo kijipicha hakikufanya kazi yoyote.

Kuchagua bora na hafifu

Kipimo tulichotumia ni kile ambacho YouTube Studio inakiita `Impressions click-through rate`: katika mara mia ambazo kijipicha kimeonyeshwa, kimebofywa mara ngapi. YouTube huhesabu kwamba kijipicha kimeonyeshwa pale tu angalau nusu yake inapokuwa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja. Viungo vya WhatsApp, arifa na video zinazopendekezwa mwisho wa video nyingine havimo katika hesabu hiyo, na hilo ni jema kwa kazi yetu.

Lakini hata kiwango hicho kinadanganya usipokitenganisha kwa chanzo. Mtu aliyeandika "dawa ya kantangaze" kwenye kisanduku cha kutafutia anajua anachokitaka. Atabofya hata picha mbaya mradi kichwa cha habari kinajibu shida yake. Mtu anayepitisha kidole kwenye ukurasa wa mwanzo hana haja na lolote, na hapo ndipo picha inapofanya kazi ya kumsimamisha. Kwa hiyo tuliingia `Advanced mode`, tukachuja chanzo kiwe `Browse features` peke yake, yaani ukurasa wa mwanzo na kurasa nyingine za kuvinjari, tukapakua jedwali la video za mwaka mmoja. Video fupi za wima tuliziacha, kwa kuwa mtu huzifikia kwa kutelezesha kidole na si kwa kuchagua kijipicha.

Jambo la pili lilikuwa idadi ya mara kijipicha kilipoonyeshwa. Mpwa alitaka kuweka kwenye kundi la bora video moja yenye asilimia 7, ila ilikuwa imeonyeshwa mara 400 tu. Hesabu ya kosa la sampuli ni rahisi: zidisha kiwango kwa kilichobaki kufikia 1, gawa kwa idadi ya maonyesho, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Kiwango cha asilimia 5 kwa maonyesho 400 kinakupa kosa la takriban pointi 2.2 kila upande, maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya 2.8 na 7.2. Kwa maonyesho 5,000 kosa linashuka hadi pointi 0.6. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo kosa la pointi mbili linatosha kabisa kuihamisha video kutoka kundi moja hadi jingine. Tukaweka mpaka: video isiyofikisha maonyesho 3,000 ya ukurasa wa mwanzo haiingii.

Upande wa pili wa idadi una mtego wake pia. Video inapoanza kuonyeshwa kwa watu wasioijua chaneli, kiwango cha kubofya hushuka, kwa sababu wageni hawabofyi kama wafuasi. Mzee alikuwa na video moja ya kupandikiza parachichi ambayo ilisambazwa kwa wageni wengi mno, na kwa kiwango ilionekana hafifu kuliko video nyingine zilizobaki kwa wafuasi wake. Kuiita hafifu kungekuwa dhuluma. Tuliitoa.

Mwisho tuliangalia muda wa kutazama. Kijipicha kilichoongoza chaneli nzima kilikuwa noti za elfu kumi kumi zimetandazwa juu ya meza, ila wastani wa muda wa kutazama wa video hiyo ulikuwa mfupi kuliko wa video zote za karibu yake. Watu walifuata noti, wakamkuta mzee anaeleza nafasi kati ya mche na mche, wakaondoka. Nayo tuliitoa, maana kijipicha kinacholeta mtu asiyetaka kilichomo si kijipicha bora. Baada ya mchujo huo tulibaki na 12 za juu na 12 za chini. Za katikati hatukuzigusa.

Kupima bila kujua ya nani

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi za namna hii. Ukijua kwamba picha unayoiangalia ni ya kundi la bora, jicho lako litaona mwanga mzuri hata usipokuwepo. Tulipakua picha zote 24, mtu mwingine akazipa namba za kubahatisha kuanzia 01 hadi 24, orodha ya ipi ni ya kundi lipi akaificha. Kisha kila mmoja wetu alizipima peke yake na tukalinganisha majibu.

Tulikwama mapema, kwenye swali lililoonekana jepesi kuliko yote: uso upo au haupo? Mzee hupenda kuvaa pama, na Tengeru jua la saa sita linapiga utosini. Katika picha kadhaa unaona pama, unaona kidevu, kati yake kuna weusi mtupu. Nyingine amepiga akiwa ameinama kwenye tuta, unaona sikio na shavu. Mpwa aliandika "upo", mimi nikaandika "haupo". Ikabidi tuweke kanuni: picha inapunguzwa hadi upana wa pikseli 168, ambao ni karibu na ukubwa wake kwenye orodha ya pembeni ya kompyuta. Macho yote mawili yakionekana, uso upo. Yasipoonekana, haupo, hata kama mtu mzima amesimama pale. Baada ya kanuni hiyo tulikubaliana karibu kote.

Uso: tofauti iliyoyeyuka

Orodha ilipofunguliwa, mzee alitabasamu. Katika bora 12, nyuso zilikuwa 8. Katika hafifu 12, zilikuwa 4. Mara mbili kamili. Wengi wangeishia hapo na kuandika "weka uso".

Nilimwomba asubiri, tukazigawa upya kwa mada. Chaneli ina aina mbili kubwa za video: za pesa, yaani gharama, soko na faida, na za shambani, yaani wadudu, magonjwa na namna ya kufanya kazi fulani. Za pesa zilikuwa 10, na 8 kati yake zilikuwa kundi la bora. Za shambani zilikuwa 14, na 4 tu ndizo zilikuwa bora. Kwa hiyo mada peke yake ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya tofauti. Kisha tukatazama nani ana uso. Video za pesa, 9 kati ya 10 zilikuwa na uso, kwa sababu ya kawaida tu: ukizungumzia faida ya parachichi huna cha kupiga picha zaidi ya mtu anayeongea. Video za shambani zilikuwa na nyuso 3 tu, maana kuna jani, kuna mdudu, kuna bomba la dawa.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Ndani ya video za shambani, zenye uso zilikuwa 3 na moja ikawa bora. Zisizo na uso zilikuwa 11 na tatu zikawa bora. Theluthi moja kwa upande mmoja, zaidi kidogo ya robo kwa upande mwingine, na kwa idadi ndogo kiasi hicho tofauti hiyo ni sawa na hakuna. Ndani ya video za pesa hatukuwa na cha kulinganisha kabisa, kwa kuwa isiyo na uso ilikuwa moja. Uso ulikuwa umesimama mahali pa mada. Wakulima walikuwa wanabofya habari ya pesa, na sura ya mzee ilikuwa imo kwenye picha hizo kwa sababu nyingine.

Sisemi uso hauna kazi. Nasema data hizi hazikuweza kusema una kazi, na mzee alikuwa karibu kuitumia kwenye video za wadudu, ambako angefunika kitu ambacho mkulima anakitafuta kwa macho.

Utofauti wa mwanga: wa picha nzima na wa kitu chenyewe

Njia ya haraka ya kupima utofauti wa mwanga ni kuigeuza picha iwe ya kijivu na kutafuta jinsi mwanga wa pikseli unavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Kwa ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick 07.jpg -resize 168x -colorspace Gray -format "%[fx:standard_deviation]\n" info:
```

Tuliufanyia picha zote, na hazikutengana. Baadhi ya picha za kundi hafifu zilikuwa na namba kubwa kuliko zote. Tulipozifungua tukaelewa: ni zile za mchana, anga jeupe nyuma, mzee na pama lake mbele kama kivuli. Mwanga na giza vimejaa kwenye picha, lakini vipo mahali pasipo na faida. Mpaka mkali kati ya bega na anga haumwambii mtu kitu.

Tukabadilisha swali. Badala ya picha nzima, tukapima kile kitu kinachopaswa kuonekana dhidi ya kilicho nyuma yake. Unakata kisanduku cha kitu, unakata kisanduku cha nyuma yake, unatafuta wastani wa mwanga wa kila kimoja, kisha unatumia kanuni ileile wanayoitumia watu wa tovuti kupima kama maandishi yanasomeka:

```
magick 07.jpg -crop 300x360+820+140 +repage -colorspace LinearGray -format "%[fx:mean]\n" info:

(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

L1 ni wa kilicho na mwanga zaidi. Jibu huanzia 1, yaani hakuna tofauti, hadi 21, yaani nyeusi juu ya nyeupe.

Picha namba 07 inaeleza yote. Ni video ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya ambaye kiwavi chake huingia ndani ya jani, akala nyama yake na kuacha mabaka meupe. Mzee ameshika jani lililoshambuliwa ndani ya kitalu nyumba, nyuma yake ni safu za nyanya. Kwa macho ya mtu aliyesimama pale, jani linaonekana wazi, kwa sababu macho mawili yanatambua kipi kiko karibu. Kamera imelilaza jani la kijani juu ya majani ya kijani. Uwiano ulikuwa 1.3. Ukiipunguza hadi upana wa 168, jani linapotea na mabaka yanapotea nalo. Kinachobaki ni kitambaa cha kijani chenye vidole.

Ndani ya zile video 14 za shambani, bora zote 4 zilikuwa na uwiano unaozidi 3. Katika hafifu 10, saba zilikuwa chini ya 2. Hii ndiyo tofauti pekee iliyobaki imesimama baada ya kuitoa mada. Tulirudi kwenye kitalu nyumba, tukachuma jani lingine lenye mabaka, tukaliweka juu ya kiroba cheupe kilichokunjuliwa chini, tukapiga. Uwiano ulikuwa karibu 5, na mabaka yakasomeka hata kwenye ukubwa wa kidole gumba.

Kwa uso kipimo hiki hakitoshi, na hili liwafikie wote tunaopiga picha watu weusi juani. Uso mweusi mbele ya anga jeupe utapata uwiano mkubwa sana, na bado usione jicho. Kinachotakiwa kwenye uso ni utofauti wa ndani: weupe wa macho, mng'ao wa paji, kivuli cha pua. Kata kisanduku cha uso peke yake na upime mtawanyiko wake kwa amri ile ya kwanza. Nyuso za mzee chini ya pama zilitoa namba ndogo kupita kiasi, na zile tulizoona vizuri zilitoa zaidi ya mara mbili yake. Tiba yake haihitaji taa. Avue pama, akae kivulini akiangalia upande wenye mwanga wa wazi, na nyuma yake pawe na kitu cheusi zaidi kuliko anga, mfano mlango wa stoo. Kivuli cha mgomba tulikikataa, maana mwanga unaopita kwenye jani la mgomba unafika usoni umeshakuwa wa kijani, na mtu anaonekana mgonjwa.

Maandishi

Hapa kuna mambo mawili tu. Ushauri unaozunguka wa "maneno matatu au manne" haupimi chochote kwa lugha yetu, kwa sababu "tutakavyoyadhibiti" ni neno moja na linajaza upana wote. Tulihesabu herufi na urefu wa herufi. Picha yenye upana wa pikseli 1280 ikipunguzwa hadi 168 imegawanywa kwa takriban 7.6, kwa hiyo herufi yenye urefu wa pikseli 60 inabaki na 8, na hapo inaanza kusomeka kwa shida. Hafifu nyingi zilikuwa na herufi zaidi ya 30 zilizobanwa kwenye mistari miwili au mitatu, na mstari wa chini kulia ukiwa umefunikwa na kile kisanduku cheusi cha urefu wa video.

La pili lina uzito zaidi. Katika hafifu 12, tisa zilirudia kichwa cha habari karibu neno kwa neno. Kichwa kinasema "Jinsi ya kudhibiti kantangaze kwenye nyanya", picha inasema "DHIBITI KANTANGAZE KWENYE NYANYA". Mtu anasoma jambo lilelile mara mbili na nafasi ya jani imeliwa. Bora zenye maandishi zilikuwa na kitu ambacho kichwa hakisemi: "EKA 1", "WIKI YA 3", au bei ya kreti. Ila nyingi ya hizo zilikuwa video za pesa, kwa hiyo hapa pia mada imeingia katikati, na siwezi kuliweka sawa na lile la jani.

Kujaribu badala ya kuamini

Picha 14 za shambani zinatoa dhana, hazitoi uthibitisho. Video ya kantangaze tuliiweka kwenye `Test & compare`, ambayo inakubali vijipicha hadi vitatu na kuwagawia watazamaji kwa wakati mmoja, hivyo mada, kichwa na siku vinakuwa sawa kwa wote. A ilikuwa picha ya zamani, kijani juu ya kijani na sentensi yake. B ilikuwa jani juu ya kiroba bila neno hata moja. C ilikuwa jani lilelile, limeshikwa karibu na uso wa mzee, kivulini, bila pama. Ni muhimu kujua kwamba YouTube haiamui mshindi kwa kubofya, inaamua kwa mgawo wa muda wa kutazama. Kwa hiyo picha kama ile ya noti isingeshinda kirahisi hapa.

A ilishindwa wazi na zote mbili. Kati ya B na C, Studio haikuweza kutofautisha. Mzee aliuliza sasa achague ipi, nami nikamwambia achague C akipenda watu wamzoee, kwa sharti moja: jani lisipungue ukubwa kwa ajili ya uso.

Swali lililobaki ni la video za pesa, ambako bado hatujui kama sura yake inasaidia. Hilo linapimwa kwa njia moja: video ijayo ya faida ya parachichi iende na vijipicha viwili, kimoja sura yake kivulini na kingine kreti iliyojaa matunda juu ya mizani, maandishi yaleyale kwenye vyote viwili. Mpwa ameshaipiga ile ya mizani. Ya uso inasubiri asubuhi yenye mwanga laini, kabla jua halijapanda juu ya paa la stoo.